Kesi ya Mtu Aliyeshika Funguo

Nyumba ya Mwalimu Paterninus,
Mtaa wa Juu, karibu na kisima kikavu,
Brigoduno, nchi ya Waarverni.
Tarehe 20 Oktoba, mwaka ambao hakuna konsuli wa kuupa jina lake.

Mpendwa mpwa wangu Fontanus,

Pokea salamu za mjomba wako, salamu zenye vumbi maana njia ni ndefu. Natumaini afya yako ni njema, kifua hakikusumbui tena, na baridi ya bahari ya huko Konstantinopoli haikuingii mifupani. Unakula vizuri? Usinidanganye kama ulivyomdanganya mama yako mara ya mwisho. Kijana anayeandika kwamba anakula nyama kila siku huwa anashindia dengu.

Mimi bado napumua. Magoti yamegoma, na meno matatu yameniaga tangu uondoke. Mama yako, dada yangu Leontia, ni mzima wa mwili. Anaamka, anasokota sufu, anakula ukimlazimisha. Hajui kwamba nakuandikia leo, au anajua na ameamua kunyamaza.

Barua yako ya mwezi wa Mei ilifika Septemba, imefunguliwa na kufungwa mara nne, inanuka samaki. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, baba yako anaendeleaje, maana hajakujibu. La pili, nikupe kwa neno moja sababu ya kuanguka kwa Roma yetu ya magharibi, kwa kuwa wenzako wa ofisini wanakuuliza kila siku na wewe unaona aibu kukosa jibu.

Mwanangu, maswali yako mawili ni swali moja. Mwezi uliopita baba yako Evodius alishtakiwa mbele ya baraza la mji kwamba yeye ndiye aliyetuangusha. Mimi ndiye niliyemtetea. Habari si njema, sikufichi. Ila nivumilie nikueleze kwa utaratibu wake, kwa sababu usipojua jinsi jambo lilivyokwenda utamchukia mtu mmoja tu, na nimeshachoka kuona watu wakimchukia mtu mmoja tu.

Uliondoka kabla mji haujazingirwa mara ya kwanza. Wagothi walikuja kiangazi baada ya kiangazi. Tulichoma moto mashamba yetu wenyewe ili wasipate ngano, tukala majani yaliyoota kwenye nyufa za ukuta. Kuzingirwa kwa mara ya tatu kulimuua mtoto wa mwisho wa Calminius, yule diwani mrefu mliyesoma naye. Hakupigwa mshale, alikufa njaa akiwa na miaka sita. Nakuomba ulikumbuke hilo nitakapokuambia aliyoyafanya Calminius.

Unajua desturi yetu ya funguo. Kila diwani hushika funguo za lango kwa mwezi mmoja, kisha humkabidhi mwenzake. Mwaka juzi zamu ilipomfikia baba yako, ndipo mjumbe alipotoka Italia na barua yenye mhuri wa kaisari. Barua ilisema tumekabidhiwa kwa mfalme wa Wagothi kwa mkataba. Walitutoa sisi ili pwani ya kusini na mji wa Arelate vibaki salama. Mwaka uliofuata Wagothi wakaichukua Arelate pia, kwa hiyo tuliuzwa bure. Baba yako alisoma barua mara mbili, akaubusu mhuri kama sheria inavyotaka, akashuka akafungua lango. Mjumbe angechelewa wiki mbili tu, funguo zingekuwa kiunoni mwa Calminius.

Hakuna aliyemlaumu wakati ule. Tulikuwa tunasema kaisari atapata nguvu, ataturudisha. Tuliisema hiyo sala mwaka mzima. Kisha ikaja habari kwamba kijana wa mwisho aliyevaa zambarau ya ukaisari kule Ravena amevuliwa, na kwamba joho na taji vimetumwa kwenu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba uliliona sanduku likipita, na kwamba watu waliokuwa wakinunua samaki hawakugeuka kulitazama. Hapa tuligeuka. Tukatazamana, na kila mmoja akaanza kutafuta wa kumtazama zaidi.

Sasa sikiliza kosa langu mimi. Miaka thelathini nimewafundisha vijana wa mji huu kusema. Unalikumbuka zoezi la mashtaka: unapewa msiba, unatafuta mtu mmoja wa kubebeshwa, unamshambulia mpaka maji yaishe katika saa ya maji, kile chombo kinachompimia msemaji muda wake. Nani aliiangusha Ninawi? Jibu: mfalme aliyejipaka wanja akajifungia na wanawake. Nani aliiangusha Uajemi? Mfalme aliyekimbia vitani. Mwanafunzi aliyeleta sababu mbili nilimkatia alama. Nilimwambia, "Hakimu ana shingo moja, hawezi kugeukia pande mbili." Waliangua kicheko, na mimi nikajiona hodari kweli.

Calminius alikuwa bora kuliko wote niliowafundisha. Nasema hivyo hata leo.

Kesi ilisikilizwa asubuhi katika ukumbi wa baraza, ule ambao nusu ya paa lake imeanguka. Madiwani tumebaki ishirini na mmoja. Baba yangu alipokuwa na umri wako walikuwa themanini. Wengine wamejifanya mapadri, wengine wamejificha chini ya matajiri, kwa sababu diwani ndiye anayebanwa kodi ya wilaya isipotimia. Gundila, liwali wa Wagothi, aliingia na mbwa wake, akasimama mlangoni akitafuna karanga za msituni.

Akauliza, "Mnamshtaki huyu mzee kwa kosa gani?"

Calminius akamjibu, "Kwa kufungua lango."

"Lango lipi? Hili nililoingilia mimi?" Gundila akacheka mpaka mbwa akabweka. "Basi nishtakini na mimi niliyebisha hodi! Haya, endeleeni, ni mambo yenu wenyewe kwa wenyewe. Ila mkimfukuza msije mkasahau, shamba la mtu asiyekuwepo ni la mfalme."

Calminius alisema vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Aliueleza ukuta uliosimama, watu waliosimama, watoto waliokufa bila kulalamika, kisha mkono mmoja, ufunguo mmoja, siku moja. "Mji haukushindwa," alisema. "Mji ulifunguliwa." Wanawake waliokuwa nje walilia. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, na huku mkononi nina karatasi ya utetezi.

Zamu yangu ikafika. Wakajaza saa ya maji. Nilikuwa na sababu saba, na nakuandikia zote, maana ndilo jibu la swali lako la pili na wewe huna saa ya maji mezani.

Nilianza na Wagothi wenyewe. Karibu miaka mia iliyopita Wahunni waliwasukuma kutoka nyuma, nao wakaja kwenye mto Danubi wakiomba kuvuka kwa amani. Maofisa wetu waliwalangua chakula mpaka mzazi akamtoa mwanawe kwa nyama ya mbwa. Wakaasi, wakalimaliza jeshi la mashariki pamoja na kaisari wake. Basi ni adui aliyetuangusha? Ndiyo, lakini Roma iliwahi kupoteza majeshi makubwa zaidi ikainuka. Na jeshi lile lilikuwa la mashariki, yaani la kwenu, na nyinyi bado mmesimama.

Nikaingia la pili: vita vya sisi kwa sisi. Babu yangu alikuwa kijana wakati makabila ya ng'ambo yalipouvuka mto Rhine katikati ya majira ya baridi. Walinzi wengi walikuwa wameshavutwa kwenda kuilinda Italia, na waliobaki wakageuka kupigania nani awe kaisari badala ya kuziba mpaka. Na hivi karibuni, katika miaka ishirini na moja, tumekuwa na makaisari tisa, na majenerali ndio waliokuwa wakiwapandisha na kuwashusha. Lakini Roma ilipigana yenyewe kwa yenyewe tangu zamani, hata katika miaka ya fahari yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu mlangoni akisubiri tuchoke.

La tatu ni Afrika, na hapa nilipandisha sauti. Wavandali walipoitwaa Karthago, miaka thelathini na minane iliyopita, walitwaa ngano ya Roma na kodi iliyowalisha askari. Kodi ikapungua, askari wakapungua. Askari wakipungua, jimbo jingine linapotea, na kodi inapungua tena. Ni kisima ambacho kila ndoo unayoteka inakifanya kikauke haraka zaidi. Miaka tisa iliyopita kaisari wenu alituma mamia ya merikebu kuirudisha, na Wavandali wakazisukumia mashua za moto upepo ulipogeuka. Ile siku ingekwenda vingine, huenda leo ningekuwa nawafundisha wanafunzi arobaini. Kwa hiyo bahati nayo imo, nikasema, na hapo niliona madiwani wawili wakipiga miayo.

La nne lilikuwa sisi wenyewe. Matajiri wakubwa walijipatia misamaha ya kodi, mzigo ukawaangukia wadogo, wadogo wakakimbilia kwa matajiri wakawa kama watumwa wao. Kuna wakulima waliokwenda kwa Wagothi kwa miguu yao wenyewe wakisema heri huko. Nilipotaja matajiri, ukumbi ulikuwa baridi. Unajua walioketi mle ni akina nani.

Nikafika la tano: askari wa kukodi wenye wafalme wao. Tulipokosa watu na fedha tuliyapa makabila ardhi yatupiganie, na mwanzoni lilikuwa jambo la busara. Wagothi hawa hawa walisimama bega kwa bega na sisi dhidi ya Wahunni katika uwanda wa hapa kwetu Gaulia. Jambo la busara likirudiwa miaka hamsini...

Maji yakaisha.

Nilisimama mdomo wazi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. La sita sikulisema: tofauti ya mashariki na magharibi. Nyinyi mna majimbo ya Misri na Shamu ambayo hayakuguswa, mna mlango wa bahari na kuta ambazo hakuna aliyezipita, na Waajemi kwa muda mrefu walikuwa na matatizo yao. Sisi tulikuwa na mpaka mrefu na mfuko mfupi. Dini moja, sheria moja, uvivu uleule wa kushinda kwenye mabafu na rushwa ileile, lakini nyumba moja imesimama na nyingine imelala. Anayesema ni dhambi au ni miungu iliyoachwa, mwambie akutazame wewe uliyeko huko.

La saba nililipenda kuliko yote, kwamba hata neno "kuanguka" si sawa sawa. Gundila anaajiri wanasheria wetu. Askofu yupo. Mahakamani bado ni Kilatini. Kilichoanguka ni ile kamba iliyotufunga pamoja, kodi hapa, jeshi kule, barua ya kaisari inayotiiwa kila mahali. Na hata zile dola nilizowafundisha vibaya zilikwenda hivyo. Ninawi ilichoshwa na vita vya ndugu kabla Wababeli na Wamedi hawajaungana juu yake. Uajemi ilikuwa na maliwali wanaoasi muda mrefu kabla mfalme wake hajakimbia, lakini bila kukutana na jeshi lile la Makedonia ingeweza kuendelea miaka mia mingine. Na Wamakedonia wenyewe waligawana ushindi wao kama nyama ya kuwinda, kiongozi wao alipokufa bila mrithi aliye mtu mzima. Kila mahali mambo mengi yalivutana, hakuna moja lililotosha peke yake, na karibu kila moja lingeweza kwenda vingine.

Hayo hawakuyasikia. Calminius alisimama, akaniinamia kwa heshima, kwa kuwa nilimfundisha adabu pia.

"Mwalimu, shikamoo na asante," akasema. "Sababu zako zote nimezisikia. Wahunni wako mbali. Afrika iko ng'ambo ya bahari. Bahati haikamatiki. Sasa niambie, katika hizo zote, ipi tunaweza kuitoa nje ya lango hili leo?"

Niliikunja karatasi yangu ya utetezi.

Mzee Tetradius, ambaye ni kiziwi, aliuliza kwa sauti, "Amesema nini Mwalimu?" Jirani yake akamjibu, "Amesema ni kila mtu." Tetradius akasonya: "Kila mtu ni hakuna mtu. Pigeni kura."

Ishirini walisema afukuzwe, mmoja akakataa. Huyo mmoja ni mimi. Hesabu mwenyewe, Fontanus. Madiwani ni ishirini na mmoja, na baba yako alikuwa bado mmoja wao. Alinyanyua mkono pamoja na wengine. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimvuta joho nikamwambia, "Shusha mkono, wewe! Una wazimu?" Hakunitazama.

Walimpa mpaka saa sita mchana. Nilimsindikiza langoni, mama yako akiwa amekatazwa kutoka. Nilimfokea njia nzima, nisikufiche. Nilimwita mjinga, nilimwita msaliti wa utetezi wangu. Alikuwa amebeba mkate, blanketi, na kitabu chako cha kwanza cha kusomea, kile ulichokichorea farasi pembeni.

Tulipofika nje akaniambia, "Shemeji, usinikasirikie. Ulisema vizuri. Niliamini kila neno."

"Kama uliamini, kwa nini ukanyanyua mkono?"

"Kwa sababu niliamini. Ukisema kweli wewe, basi hakuna ambacho yeyote kati yetu angeweza kufanya. Mtoto wa Calminius angekufa tu, lango lingefunguka tu. Siwezi kuishi na hilo, bwana. Kama ni mimi, basi lilikuwa jambo la kuzuilika. Watu wanahitaji kuamini lilizuilika."

"Lakini si kweli!"

"Najua si kweli," akasema. Akanishika bega, akateremka njia ya mtoni.

Mvua ilianza siku ile na haikukatika wiki nzima. Mchungaji wa nguruwe alimkuta siku ya tisa katika kibanda kilichobomoka kwenye barabara ya kwenda mji wa Lugduno, amejifunika blanketi vizuri. Nilikwenda mwenyewe nikamzika hapohapo, maana hawakuruhusu arudi hata akiwa maiti. Padri alikataa kuja. Nilisoma sala nilizozijua. Nilikosea katikati, nikaanza upya.

Pole, mwanangu. Pole sana. Nimelia mpaka nimejichoka, na najua nakupa mzigo huo uubebe mbali na nyumbani, bila mtu wa kukaa nawe matangani.

Uliandika kwamba masika ukipata ruhusa utarudi. Usirudi. Hukumu imetaja na watoto wake, na shamba limeshapimwa kwa ajili ya mpwa wa Gundila, ambaye si kijana mbaya, tena amemwachia mama yako vyumba viwili na mizabibu ya nyuma. Nimemuuliza mama yako kama anataka nimpeleke kwako. Amesema barabara zimekufa na yeye hataki kufia njiani kama mumewe.

Wala usimchukie Calminius. Jana nilimwona amekaa kwenye ngazi za ukuta, pale mwanawe alipokuwa akichezea mawe. Nilidhani atakuwa na nafuu sasa. Hana.

Nisalimie mkeo ambaye sijamwona, umwambie mjomba anaomba ajifunze kupika njegere kwa mafuta ya nguruwe, ndipo atakuelewa. Shangazi yako Eucheria anakusalimu. Binamu yako Nammatius anakusalimu pia, ingawa naye alinyanyua mkono siku ile, na ameniomba nisikuambie. Jirani Sabina anauliza kama kweli huko kwenu mikate bado inagawiwa bure.

Jambo moja la mwisho. Shule yangu imebaki na watoto wanne. Juzi, baada ya haya yote, niliamua nianze kufundisha upya, vile ambavyo ningepaswa kufundisha tangu mwanzo. Nilifuta ubao, nikawaambia leo tutatafuta kwa pamoja, polepole, bila saa ya maji, kwa nini Roma ilianguka, na kila mmoja alete sababu yake. Kabla sijamaliza sentensi walijibu wote wanne kwa sauti moja, kama wanaoimba: "Evodius!" Walinitazama wakisubiri niwasifu. Nikawaambia wafungue kitabu cha sarufi.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi, na awape watoto wako mji ambao hauhitaji kumtafuta mtu.

Mimi ni yule yule anayekupenda, kwa machozi,
Mjomba wako,
Paterninus.